Kikinga cha mashine kimekutwa kimeondolewa na mtu ameumia mkono: mwongozo kamili wa kuandika taarifa

Taarifa nyingi za ajali za mkono huishia kwenye sentensi moja: "Mfanyakazi aliingiza mkono kwenye mashine ikiwa inazunguka." Sentensi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isimsaidie mtu, kwa kuwa kikinga kingekuwepo mkono usingefika huko. Kikinga kilichofungwa kwa bolti nne hakijifungui chenyewe. Kuna mtu alishika spana, kuna kazi iliyomlazimu akitoe, kuna sababu iliyokifanya kisirudi, na kuna watu waliopita hapo zamu baada ya zamu wakiona pako wazi. Taarifa inayofaa inaeleza hayo manne, kila moja na ushahidi wake.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Mkanda namba 3 unasafirisha kokoto. Alhamisi tarehe 12, saa 10:20 asubuhi, mfanyakazi alikuwa anakwangua tope lililoganda kwenye ngoma ya nyuma, pale mkanda unapogeuka. Mkanda ulikuwa unakwenda. Glavu yake ilinaswa pale mkanda unapoingia kwenye ngoma, na mkono wa kulia ukavutwa hadi juu ya kifundo. Kikinga cha wavu kinachofunika ngoma hiyo hakikuwepo. Kilikutwa kimeegeshwa ukutani nyuma ya kabati la vifaa.

Neno kuhusu saa kabla hatujaendelea, maana limevuruga taarifa nyingi. Mwenzako akiandika "saa 4:20" kwenye kitabu cha zamu na kamera ikaonyesha 10:20, msomaji wa nje atadhani ni matukio mawili. Tumia mtindo wa saa 24 kwenye taarifa nzima, na unaponukuu maandishi ya mtu mwingine, yanukuu kama yalivyo kisha andika saa yako pembeni.

Hatua ya 1: Majeruhi, kufuli, na kukiacha kikinga kilipo

Mkono ukiwa bado umenaswa, mtu asiurudishe mkanda nyuma kwa mota ili kuutoa. Mkanda uliokazwa una nguvu hata umeme ukiwa umezimwa, na ulio kwenye mwinuko unaweza kurudi nyuma kwa uzito wa mzigo. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, mzigo uzuiwe usitelemke, kisha fundi alegeze mkazo au aukate mkanda. Kidole kikikatika, kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Nyama isiguse barafu moja kwa moja. Kiende pamoja na majeruhi.

Majeruhi akishaondoka, funga swichi kuu kwa kufuli, tundika kibao cha onyo, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Hapo ndipo kosa kubwa linapotokea. Ndani ya nusu saa mtu atataka kukirudisha kikinga, pengine kwa nia njema kabisa: ameogopa mwingine asiumie. Mkatalie. Mashine iliyozimwa na kupigwa kufuli haimuumizi mtu, na kikinga kikisharudishwa umepoteza nusu ya ushahidi. Isitoshe, sheria za nchi nyingi zinakataza kugusa eneo la ajali kubwa hadi mkaguzi wa kazi aruhusu, isipokuwa kwa kumwokoa mtu au kuzuia hatari nyingine. Kama kimesharudishwa, usikitoe tena ili upige picha nzuri. Kipige picha kilivyo, na uandike nani amekirudisha, saa ngapi, na kwa agizo la nani.

Hatua ya 2: Kilitolewa kabla ya ajali au baada yake?

Swali hili lijibiwe kwanza, kwa sababu waokoaji nao hufungua vikinga ili kuutoa mkono. Ukikurupuka kuandika "mashine ilikuwa inaendeshwa bila kikinga" na kumbe kikinga kilifunguliwa dakika tano baada ya ajali, taarifa yako yote imekwisha.

Waulize waokoaji peke yao, mmoja mmoja, walichokikuta walipofika. Kisha acha chuma kiseme. Kwenye mfano wetu, matundu manne ya bolti kwenye fremu yalikuwa yamejaa vumbi la kokoto lililoshikana na grisi. Bolti mbili zilikuwa hazipo kabisa. Mbili nyingine zilikuwa zimebaki vipande ndani ya matundu, vichwa vimekatwa kwa grainda, na sehemu iliyokatwa imeshaanza kushika kutu. Kikinga chenyewe kilikuwa na tabaka la vumbi upande wa juu, na sakafu chini yake ilikuwa na alama safi pale kilipokaa. Kikinga kilichotolewa asubuhi ile kisingekuwa hivyo: nyuzi za bolti zingeng'aa, na matundu yangekuwa matupu.

Lakini vumbi si saa. Linakuambia kwamba kikinga kilikuwa nje kwa muda kabla ya ajali. Halikuambii ni siku tatu au kumi. Andika kile tu linachoweza kubeba: "Hali ya matundu na kutu kwenye bolti zilizokatwa inaonyesha kikinga hakikuwepo kabla ya zamu ya asubuhi ya tarehe 12." Tarehe yenyewe itatoka kwenye kumbukumbu za matengenezo.

Picha zipigwe kwa mpangilio: kwanza eneo zima kutoka mbali, kisha ngoma na fremu, kisha kila tundu kwa karibu huku rula ikiwa imewekwa pembeni. Piga pia kikinga pale kilipokutwa, kamba ya kusimamisha mkanda kwa dharura na hali yake, chombo alichokuwa anatumia majeruhi, na glavu. Pima umbali kutoka pale aliposimama hadi pale mkono uliponaswa. Andika mwendo wa mkanda, kwa sababu unaeleza jambo ambalo watu hulisahau: mkanda unaokwenda mita 1.5 kwa sekunde huvuta mkono sentimita 75 katika nusu sekunde. Ukilijua hilo, swali la "kwa nini hakuuchomoa mkono haraka" halina maana tena.

Hatua ya 3: Taarifa ya kwanza iwe fupi

Ajali ya kulazwa hospitali au kukatika kiungo kwa kawaida hutakiwa kuripotiwa mara moja kwa mamlaka ya usalama kazini, mara nyingi kwa simu na baadaye kwa fomu. Muda na fomu vinatofautiana baina ya nchi na nchi, kwa hiyo namba ya simu na fomu ya kwenu vikae kwenye faili kabla ya siku yoyote mbaya.

Katika taarifa hii weka yale tu unayoyajua: mahali, tarehe na saa, kazi ya majeruhi, kiungo kilichoumia, jina na namba ya mashine, na hali ya kikinga kilivyokutwa. Sababu usiiguse. Maneno kama "kwa uzembe wake" au "alikiuka utaratibu" yakiingia saa ya kwanza huwa hayatoki tena, hata ushahidi ukija kusema vingine. Kwa mfano wetu inatosha hivi:

"Tarehe 12, saa 10:20, mhudumu wa mkanda ameumia mkono wa kulia kwenye ngoma ya nyuma ya mkanda namba 3. Amepelekwa hospitali. Kikinga cha ngoma hakikuwa mahali pake kilipokaguliwa saa 10:45. Kilikutwa nyuma ya kabati la vifaa. Mashine imezimwa na kupigwa kufuli. Uchunguzi unaendelea."

Hatua ya 4: Fuata njia ya matengenezo

Rudi nyuma kutoka siku ya ajali hadi umpate mtu wa mwisho aliyekuwa na sababu ya kukifungua kikinga. Usianze kwa kuuliza "nani alikitoa?", kwani swali hilo huwafunga watu midomo. Anza na makaratasi: kadi za kazi, vibali vya kuzima umeme na kuupiga kufuli, kitabu cha stoo, na mita ya saa za mashine kama ipo.

Kadi ya kazi ya Ijumaa tarehe 6, iliyofunguliwa saa 21:40, inasema beringi ya ngoma ya nyuma imebadilishwa. Imefungwa saa 01:15 usiku wa kuamkia Jumamosi kwa maneno haya: "Beringi mpya, mashine imejaribiwa, sawa." Hakuna neno juu ya kikinga. Beringi hiyo haibadiliki bila kukitoa kikinga, kwa hiyo unajua kilikuwa nje usiku ule. Bado hujui kama kilirudi.

Kitabu cha stoo ndicho kinachofungua fundo. Saa 00:50 fundi aliomba bolti nne za milimita 12, na mbele yake imeandikwa "hakuna". Sasa kaa na fundi, ukiwa na maswali ambayo hayana jibu ndani yake: "Nieleze kazi ya usiku ule tangu ulipofika kwenye mkanda." "Ulipomaliza beringi, ulifanya nini?" Katika mfano huu anaeleza kwamba bolti zilikuwa zimeshika kutu, mbili zikafunguka zikiwa zimeharibika nyuzi na mbili akazikata, stoo hakukuwa na nyingine, akamwambia msimamizi wa zamu kwamba kikinga kitafungwa asubuhi. Msimamizi alikuwa na malori yanayosubiri, akawasha.

Maelezo hayo ni ya upande mmoja. Yapime: vichwa vilivyokatwa vinalingana na alichosema, na kitabu cha stoo pia. Mazungumzo na msimamizi hayana karatasi, kwa hiyo katika taarifa yanaandikwa "fundi anaeleza kwamba", na maelezo ya msimamizi yanawekwa chini yake hata kama yanapingana. Usiamue nani mkweli pale usipokuwa na kitu cha tatu cha kukuamulia.

Mita ya saa ilisomeka 4,212 kadi ilipofungwa na 4,297 baada ya ajali. Tofauti ni saa 85. Hiyo ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote kwenye taarifa ya aina hii, kwa sababu inaondoa porojo za "kilikuwa nje kidogo tu". Mkanda umefanya kazi saa 85 ngoma ikiwa wazi.

Uliza pia swali moja ambalo mafundi hulijibu kwa furaha: ni mara ngapi kikinga hiki hufunguliwa, na kwa kazi gani? Mara nyingi utagundua kwamba nipeli ya grisi iko ndani ya kikinga, au skrubu za kunyoosha mkanda hazifikiki bila kukitoa. Kikinga kinachofunguliwa kila wiki kitabaki nje siku moja. Hilo liingie kwenye taarifa kama sababu, siyo kama maoni ya pembeni.

Hatua ya 5: Usimamizi, sehemu ambayo wengi huiruka

Kumwandika fundi ni rahisi. Ugumu unaanza unapofika kwa waliokuwa na mamlaka ya kusimamisha mashine na hawakusimamisha, hasa kama mmoja wao ndiye atakayeisoma taarifa yako na kuisaini.

Chukua orodha za ukaguzi kabla ya kuwasha. Zamu ni mbili kwa siku, kwa hiyo kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Alhamisi asubuhi kuna orodha 11. Zote 11 zina alama ya tiki mbele ya maneno "vikinga vyote vipo". Hapa watu hukimbilia kuandika kwamba waendeshaji walidanganya. Subiri. Tazama wino na mwandiko: je, tiki zote zimepigwa kwa mkono mmoja, kwa mstari mmoja wa haraka kutoka juu hadi chini? Fomu ina vitu vingapi, na mtu anapewa dakika ngapi kabla mkanda haujawashwa? Je, sehemu ya kuandika "hapana" ipo? Na ikiandikwa "hapana", nani huisoma? Nimeona fomu zisizokuwa na mahali pa kuandikia kasoro yoyote. Mtu akipewa fomu ya namna hiyo, atatia tiki.

Kisha soma kitabu cha makabidhiano ya zamu. Katika mfano wetu, Jumanne tarehe 10 mwendeshaji ameandika: "Mkanda 3 nyuma wazi, nimemwambia supavaiza." Hakuna jibu wala saini chini yake. Mstari huu mmoja unabadilisha taarifa nzima. Kuanzia siku hiyo huwezi kusema tena kwamba uongozi wa zamu haukujua. Unachochunguza sasa ni kilichofanyika baada ya kujua. Piga picha ukurasa huo siku ile ile, kwa kuwa vitabu vina tabia ya kupotea.

Msimamizi naye aulizwe kwa heshima ile ile aliyopewa fundi. Ana mikanda mingapi chini yake? Ana ruhusa ya kusimamisha uzalishaji bila kupiga simu juu? Aliyewahi kusimamisha mashine kwa sababu ya kikinga alipata jibu gani? Aliwahi kuona watu wakikwangua tope huku mkanda unakwenda? Swali hili la mwisho lina uzito, maana kama ndivyo tope linavyoondolewa kila siku, basi majeruhi alikuwa anafanya kazi kama alivyoikuta, na kusimamisha mkanda kungekuwa ndiyo ajabu. Jibu lipate pia kwa wafanyakazi wa zamu nyingine, ambao hawakuwepo siku hiyo na hawana cha kujitetea.

Majeruhi ahojiwe akiwa na nafuu na akili imetulia, asisainishwe chochote kitandani akiwa na dawa za maumivu. Akikataa kuzungumza bila mwakilishi wake, ni haki yake. Andika kwamba maelezo yake bado hayajapatikana.

Ukitaka msingi wa kisheria unaoeleweka kote, Mkataba Namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unasema mfanyakazi asitumie mashine bila vikinga vilivyowekwa kuwa mahali pake, na pia asitakiwe na mtu kuitumia hivyo. Sentensi hiyo ina pande mbili, na taarifa nyingi hunukuu upande wa kwanza tu. Nukuu zote mbili, pamoja na kifungu cha sheria ya nchi yenu.

Hatua ya 6: Kuiandika

Weka kwanza ratiba ya matukio kuanzia kadi ya kazi hadi ajali, kila mstari na chanzo chake: "Tarehe 7, 00:50, bolti zimeombwa, hakuna (kitabu cha stoo)." Baada ya hapo ndipo sababu zije, na kila sababu iegemee mstari wa ratiba. Kwa mfano wetu ningeandika hivi:

"Mkono ulifika kwenye ngoma kwa sababu kikinga hakikuwepo na tope liliondolewa mkanda ukiwa unakwenda. Kikinga kilitolewa tarehe 6 kwa kazi halali ya kubadilisha beringi. Hakikurudishwa kwa sababu bolti zake ziliharibika na stoo haikuwa na nyingine. Kadi ya kazi ilifungwa bila kuthibitisha kikinga, kwa kuwa haina sehemu ya kufanya hivyo. Mkanda uliwashwa na kuendelea kwa saa 85. Orodha 11 za ukaguzi hazikuonyesha kasoro. Kasoro iliandikwa kwenye kitabu cha makabidhiano tarehe 10. Hakuna hatua iliyoonekana kuchukuliwa."

Ona kwamba hakuna jina la mtu wala neno la lawama, na bado hakuna aliyefichwa. Majina na vyeo vikae kwenye kiambatisho cha maelezo ya mashahidi, na habari za matibabu zisizidi zile fomu ya mamlaka inazozitaka. Ukiona umeandika "inaonekana", "inasemekana" au "kwa kawaida", rudi uangalie kama una chanzo. Kama huna, sentensi hiyo iondoke au ihamie kwa jina la aliyesema. Na bosi akitaka mstari wa kitabu cha makabidhiano uondolewe, mwombe aweke maoni yake kwa maandishi kama kiambatisho. Mara nyingi ombi hilo hufa hapo.

Hatua ya 7: Marekebisho na kuwasha tena

"Wafanyakazi wakumbushwe kuwa waangalifu" si rekebisho. Kwa mfano huu kuna mambo matatu ya kweli. Nipeli ya grisi itolewe nje ya kikinga kwa bomba dogo, ili mtu wa grisi asikifungue tena, na kikwanguo kiwekwe kwenye ngoma kitoe tope lenyewe. Bolti zibadilishwe kwa aina inayobaki kwenye kikinga kinapofunguliwa, jambo ambalo kiwango cha ISO 14120 kinalitaka kwa vikinga vya kufungwa ambavyo hutolewa wakati wa matengenezo. Na kadi ya kazi ipate mstari wa mwisho usiokwepeka: kikinga kimerudi, saini ya fundi na saini ya anayepokea mashine. Kila jambo lipewe mtu na tarehe.

Angalia pia kama kikinga kinachorudi kinafaa. Kwa mujibu wa ISO 13857, wavu wenye matundu ya zaidi ya milimita 12 hadi 20 lazima ukae angalau milimita 120 kutoka pale panaponasa, vinginevyo vidole vinapenya na kufika. Wavu wa kuchomelea haraka baada ya ajali, uliobanwa karibu na ngoma ili usichukue nafasi, hushindwa kipimo hiki mara kwa mara. Chukua rula upime.

Kufuli litoke tu baada ya mkaguzi kuruhusu eneo, kikinga kufungwa kwa bolti zote nne, na kamba ya dharura kujaribiwa mkanda ukiwa mtupu. Wiki chache baadaye, bila kutangaza, chukua orodha za ukaguzi za asubuhi hiyo na uzunguke nazo kwenye mashine nyingine zote, ukilinganisha kila tiki na chuma kilichopo mbele yako. Tofauti utakazozikuta ziandike kama nyongeza ya taarifa hii, chini ya namba ile ile.